VPN kwanza, nenosiri baadaye

Mhasibu anafanya kazi nyumbani Mwanza, seva za kampuni yake ziko Dar es Salaam. Jumatatu asubuhi amesahau nenosiri, anampigia fundi wa TEHAMA, naye anamwekea jipya hapo hapo. Mhasibu analiandika kwenye laptopu, Windows inalikataa. Anajaribu lile la zamani, ambalo amelikumbuka ghafla, na laptopu inafunguka.

Watu wengi hudhani fundi amekosea. Hajakosea. Nenosiri jipya liko kwenye seva inayosimamia domeni, na laptopu ya Mwanza haina njia ya kuifikia. Windows ikikosa seva hiyo hurudi kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Kwa kawaida huhifadhi alama za uhakiki za watumiaji 10 wa mwisho walioingia kwenye mashine ile, kisha hulinganisha kinachoandikwa na alama hizo. Nenosiri la zamani ndilo pekee inalolijua.

Tabu yenyewe huanza baada ya hapo. Mhasibu anawasha VPN kwa nenosiri jipya, inakubali, kisha anafungua diski S: yenye hati za malipo. Mara nyingi Windows huipelekea seva nenosiri aliloingilia asubuhi, yaani lile la zamani. Seva inakataa, Windows inajaribu tena yenyewe, na baada ya majaribio kadhaa akaunti inaweza kufungwa. Ikifungwa, hata barua pepe haziingii, na fundi anapigiwa simu ya pili.

Aliyekwama hivyo, akaunti yake ikishafunguliwa, ana njia ya haraka. Aache VPN ikiwa imewaka, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L ili kufunga skrini, kisha afungue kwa nenosiri jipya. Safari hii laptopu inaifikia seva ya domeni, inathibitisha, na kusahihisha kumbukumbu yake. Asichague Sign out, kwa sababu VPN ya kawaida hukatika mtumiaji anapotoka. Njia hii ina upungufu mmoja: skripti zinazounganisha diski wakati wa kuingia hazirudiwi skrini inapofunguliwa, hivyo S: huenda isijitokeze.

Kwa mfanyakazi mpya hata njia hiyo haipo. Ametumiwa laptopu kwa basi, hajawahi kuingia humo, basi hakuna kumbukumbu yoyote ya kulinganisha. Skrini humwambia `your domain isn't available`, na anaishia mlangoni. Huyu lazima VPN iwake kabla hajaingia.

Windows ina nafasi hiyo tayari. VPN yake ya ndani ikitengenezwa kwa ajili ya watumiaji wote wa mashine, badala ya mtu mmoja, alama ya Network sign-in hutokea pembeni chini kwenye skrini ya kuingilia. Fundi hufungua PowerShell kama msimamizi na kuandika amri ya namna hii, akibadilisha anwani na aina ya VPN zifuate seva yake:

```
Add-VpnConnection -Name "Ofisi" -ServerAddress "vpn.example.com" -TunnelType Ikev2 -AllUserConnection
```

Neno la mwisho ndilo lenye kazi; likisahaulika, VPN itafanya kazi vizuri ndani ya Windows lakini alama ile haitaonekana. Programu za VPN za kampuni nyingine nazo huwa na kipengele chao. Cisco, kwa mfano, hukiita Start Before Logon, na huwekwa na fundi kama moduli ya ziada.

Kwa mtumiaji, utaratibu ni mfupi: aunganishe Wi-Fi kwenye skrini hiyo hiyo, abonyeze alama ya VPN, asubiri iunganike, ndipo aingie. Sera za ofisi na skripti za diski hupata nafasi ya kufanya kazi kana kwamba yuko ofisini. Akitaka uhakika, afungue Command Prompt na kuandika `klist`. Orodha yenye tiketi inayoanza na `krbtgt` inaonyesha kwamba domeni imemtambua. Ikiwa na sifuri, aliingia kwa kumbukumbu ya laptopu tu.

Wi-Fi ya hoteli huharibu mpango huu, kwa kuwa hudai mtu afungue ukurasa na kukubali masharti, na kabla ya kuingia hakuna kivinjari. Hotspoti ya simu huondoa kikwazo hicho. VPN inayothibitisha mtumiaji kupitia ukurasa wa kivinjari nayo inaweza kugoma hapo, kwa hiyo fundi aijaribu kwenye laptopu moja kabla ya kuzisambaza nyingine.

VPN ikiunganika na domeni bado ikakosekana, cha kukagua kwanza ni DNS. Laptopu huitafuta seva ya domeni kwa jina, na ikiwa VPN haikuipa DNS ya ofisi, itaendelea kuiuliza ruta ya nyumbani, ambayo haijui jina hilo.