Faharasa ya sayansi kwa Kimeru na Kiembu: kununua au kujitengenezea?

Chukua swali la kawaida la Fizikia. Msichana mwenye tungamo la kilo 50 anapanda ngazi zenye kimo cha mita 3 kwa sekunde 6. Kwa mvutano wa dunia wa nyutoni 10 kwa kila kilo, uzito wake ni nyutoni 500, kazi aliyoifanya kuuinua mwili wake ni jouli 1,500, na pawa yake ni wati 250. Sasa mwombe mwanafunzi wa Imenti akueleze kwa Kimeru majibu hayo matatu yanapima nini. Huenda likamjia neno lile lile mara tatu: inya. Wa Embu naye atasema vinya. Nyumbani neno hilo linatosha kabisa kwa fosi, kwa enaji, kwa pawa na hata kwa presha. Kwenye karatasi ya mtihani, ambayo imeandikwa kwa Kiingereza na inajibiwa kwa Kiingereza, kuyachanganya hayo manne ni kupoteza alama.

Kwa hiyo mzazi au mwalimu anayetafuta faharasa ya sayansi aanzie hapo. Kabla ya kuuliza bei, fungua maneno hayo manne. Ukikuta kila moja limepewa jibu moja tu, inya au vinya, rudisha kijitabu hicho hata kikiwa cha bure. Faharasa inayofaa humpa mwanafunzi neno la Kiingereza, sentensi moja ya lugha yake inayoonyesha mipaka ya neno hilo, na kipimo chake. Fosi ni inya ya kusukuma au kuvuta, nayo hupimwa kwa nyutoni. Pawa ni kasi ya kazi kufanyika, nayo hupimwa kwa wati. Maelezo hayo yanaweza kuandikwa kwa Kimeru cha kawaida kabisa, bila kubuni msamiati mpya ambao hata nyanya wa mtoto hautambui.

Chaguo la kwanza ni kununua kamusi ya Kiswahili. Ipo Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1990. Istilahi zake zimepangwa kwa uangalifu: kani ni fosi, nishati ni enaji, kanieneo ni presha. Shida ni kwamba iliandikiwa nchi ambako mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili. Mtanzania anapoingia sekondari, kani na nishati ni maneno aliyokwisha kuyatumia darasani, na faharasa humvusha kutoka anachokijua kwenda Kiingereza. Ndiyo maana vitabu vya majaribio vya Kidato cha Kwanza vilivyoandaliwa huko chini ya mradi wa LSTT, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dodoma, vilitia maneno ya Kiswahili kando ya yale ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Maua au Runyenjes amesoma Kiswahili kama somo, lakini sayansi aliisoma kwa Kiingereza. Ukimpa kanieneo ili aelewe presha, umempa maneno mawili mageni badala ya moja. Kamusi hiyo ningeinunua nakala moja kwa ajili ya mwalimu. Kuinunulia darasa zima ni kutupa pesa.

Chaguo la pili ni kijitabu kilichochapishwa kwa lugha ya kwanza. Hapa kuna kikwazo ambacho mnunuzi asiyetoka eneo hili hakioni. Meru na Embu ni majirani, ila kijitabu kimoja hakiwatoshi. Maji kwa Kimeru ni rũũjĩ, kwa Kiembu ni manjĩ, na maji yamo katika kila mada ya Kemia na Biolojia. Hata ndani ya Kimeru, Mtigania, Mwigembe, Mwimenti na Mtharaka hawasemi sawa kila kitu. Mchapishaji akiandika toleo moja kwa wote, wengine watalisoma kama lugha ya jirani. Akitoa matoleo mengi, kila toleo litakuwa na wanunuzi wachache na bei itapanda.

Lipo chaguo la tatu, na hilo ndilo ninalolipendekeza: shule ichapishe faharasa nusu. Mwalimu anachagua maneno 60 ya muhula mmoja na kuandika neno la Kiingereza, mchoro mdogo au mfano, na kipimo. Safu ya lugha ya kwanza inaachwa wazi. Mada inapofika, wanafunzi wanajadiliana kwa vikundi, mwalimu anasikiliza, kisha kila mmoja anaandika kwa kalamu sentensi iliyokubaliwa. Aliyetoka Kitui anaandika Kikamba chake, wa Isiolo anaandika Kiborana. Chapa ni moja, lugha ni za wote.

Gharama zake ni hizi. Maneno 10 kwa ukurasa yanafanya kurasa 6, yaani karatasi 3 zilizochapwa pande zote mbili. Tuseme saiba ya karibu inatoza shilingi 4 kwa ukurasa. Weka bei ya kwenu. Darasa la wanafunzi 45 linahitaji kurasa 270, yaani shilingi 1,080. Ongeza nakala 5 za majaribio kwa shilingi 120, jumla shilingi 1,200, chini kidogo ya shilingi 27 kwa kila mwanafunzi. Kijitabu cha kununua cha shilingi 400, tuseme, kingegharimu darasa hilo hilo shilingi 18,000. Kama ni wanafunzi 200 wa mikondo yote, uliza kama shule ina riso. Mashine hiyo hutaka masta moja kwa kila ukurasa, kwa hiyo nakala chache huwa ghali, lakini masta ikishatengenezwa bei ya kila nakala hushuka sana.

Gharama isiyoonekana ni muda wa mwalimu. Kuandaa maneno 60 na michoro yake ni kazi ya jioni kadhaa, na isifanywe na mtu mmoja. Walimu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wagawane, kisha mzee mmoja anayejua Kimeru au Kiembu vizuri asikie sentensi zilizojazwa na wanafunzi wa kwanza. Nakala zile 5 ni za hapo. Kosa likionekana kwenye nakala 5 linarekebishwa kwa shilingi chache. Likionekana kwenye nakala 200, limekwisha kukaririwa.

Angalia pia herufi ĩ na ũ. Lugha hizi zina irabu saba, na alama hizo zikidondoka neno linaweza kusomeka vingine. Faili ikihamishwa kutoka kompyuta ya shule kwenda saiba, fonti ya zamani yaweza kuzigeuza kuwa visanduku. Katika Word, andika `0129` kisha bonyeza Alt na X upate ĩ. `0169` hukupa ũ kwa njia hiyo hiyo. Peleka faili ikiwa PDF, na usome ukurasa wa kwanza uliochapwa kabla hujaruhusu mengine.

Baada ya wiki tatu, pima kama faharasa inafanya kazi. Wape swali la msichana wa ngazi, wafunike vijitabu vyao, na waeleze kwa lugha ya kwanza tofauti kati ya nyutoni 500, jouli 1,500 na wati 250, kisha waandike sentensi hizo kwa Kiingereza. Anayeweza ya kwanza na kushindwa ya pili anahitaji mazoezi ya Kiingereza. Anayeandika Kiingereza safi lakini hawezi kueleza kwa lugha yake amekariri, na ndiye wa kurudishwa kwenye ngazi halisi za shule, akiwa na saa, mizani na futi ya kupimia, apande mwenyewe na kukokotoa pawa yake.