Bolti za Kifuniko cha Silinda: Ngapi Zatosha?

Silinda yoyote inayohifadhi mvuke au hewa iliyoshindiliwa haina budi kuwa na mahali pa kufunguliwa, ili isafishwe na kukaguliwa. Mahali hapo huzibwa kwa kifuniko cha chuma, nacho hushikwa na bolti zilizopangwa duara kwenye ukingo. Mtu anayekiona kifuniko hicho huvutiwa na unene wake, akadhani kwamba usalama wa silinda umo humo. Lakini kifuniko, hata kiwe kinene namna gani, hakijishiki chenyewe. Kinachokizuia kisiruke ni bolti tu. Kwa hiyo maswali mawili lazima yajibiwe kabla ya silinda kujazwa: kila bolti itavutwa kwa kani kiasi gani, na bolti ngapi zinahitajika?

Kani inayosukuma kifuniko

Tuchukue silinda ya hewa yenye kipenyo cha ndani cha milimita 400. Geji yake huonyesha kanieneo ya niutoni 1 kwa kila milimita ya mraba, yaani mara kumi hivi ya kanieneo ya hewa tuivutayo. Kwa kuwa geji hupima tu ziada iliyomo ndani kuliko nje, hakuna haja ya kutoa kanieneo ya hewa ya nje katika hesabu.

Kani hupatikana kwa kuzidisha kanieneo kwa eneo: F = p × A. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa huchukua kipenyo cha ndani cha silinda. Hewa haikomei hapo. Hupenya katika upenyo mwembamba kati ya kifuniko na ukingo, na huendelea kusukuma mpaka inapozuiwa na gasketi. Ikiwa gasketi ni pete ambayo kipenyo chake cha wastani ni milimita 430, eneo la kutumiwa ni la duara lenye kipenyo cha milimita 430, yaani milimita za mraba 145,220. Kani basi ni niutoni 145,220. Kama kipenyo cha milimita 400 kingetumiwa, jibu lingekuwa niutoni 125,660, na bolti zingechaguliwa kwa kani iliyo pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Niutoni 145,220 ni kani kubwa. Ni kama uzito wa magunia 148 ya mahindi, kila moja la kilo mia, yakiwa yametundikwa kwenye kifuniko ambacho watu wawili wanaweza kukibeba.

Kutoka kani hadi idadi

Bolti zilizochaguliwa zina kipenyo cha milimita 20, na vichwani zimechapwa alama 4.6. Alama hiyo si pambo. Tarakimu ya kwanza husema kwamba chuma hicho hukatika kwenye mkazo wa niutoni 400 hivi kwa milimita ya mraba. Ya pili husema kwamba huanza kurefuka bila kurudi kinapofikia sehemu sita za kumi za mkazo huo. Bolti yenyewe si nene kama inavyoonekana, kwa maana hesi zimechongwa ndani ya mwili wake. Eneo lake linalobeba kani ni milimita za mraba 245 tu.

Desturi ya zamani ya wahandisi ni kuruhusu mkazo mdogo sana kutokana na kanieneo, tuseme niutoni 60 kwa milimita ya mraba. Kiasi kikubwa cha nguvu ya chuma huachwa kwa ajili ya ukazaji, ambao tutauona hivi punde. Kwa mkazo huo kila bolti yaweza kupewa niutoni 14,700. Tukigawanya 145,220 kwa 14,700 twapata 9.9, yaani bolti 10.

Hata hivyo kazi haijaisha, kwa sababu bolti hazishiki tu, bali pia hukandamiza gasketi. Zikiwa mbali mno, ukingo hupinda kidogo katikati ya bolti mbili, na hewa huvuja hapo hata kama hakuna bolti iliyozidiwa. Kanuni moja ya karakana husema kwamba umbali kati ya bolti na jirani yake, kwa milimita, usipungue mara 20 wala usizidi mara 30 ya kipeuo cha pili cha kipenyo cha tundu. Kwa tundu la milimita 21 umbali huo ni kati ya milimita 92 na 137. Bolti zetu zimepangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 500, ambalo mzingo wake ni milimita 1,571. Zikiwa 10, zitaachana kwa milimita 157, na hilo limezidi. Zikiwa 12, zitaachana kwa milimita 131. Basi zitiwe 12, na kila moja itapata niutoni 12,100 za kani ya hewa.

Bolti iliyokazwa na bolti iliyolegea

Mtu aweza kufikiri kwamba bolti ikikazwa kwa niutoni 40,000, kisha hewa ikaongeza 12,100, jumla ni 52,100. Mambo hayaendi hivyo, na jaribio dogo litaonyesha sababu.

Mizani ya springi itundikwe kwenye boriti, na ndoano yake ivutwe mpaka isome kilo 10. Kijiti kigumu kipachikwe kati ya mwili wa mizani na ndoano ili springi isirudi. Sasa mzigo wa kilo 4 utundikwe kwenye ndoano. Mizani haitasoma 14. Itabaki kwenye 10, wala haitasogea ila kidogo sana. Kilichobadilika ni kijiti: kwanza kilibanwa kwa kilo 10, sasa kinabanwa kwa 6 tu. Mizani itaanza kusogea waziwazi mzigo utakapozidi kilo 10, wakati ambapo kijiti kitakuwa kimelegea na kuanguka.

Springi ni mfano wa bolti, na kijiti ni mfano wa ukingo, kifuniko na gasketi. Bolti hurefuka inapokazwa, na vilivyo kati yake hubanwa. Kani ya hewa inapokuja, sehemu yake ndogo huongezwa kwenye bolti, na sehemu kubwa hupunguza tu mbano. Tuseme gasketi ni nyembamba na ngumu, hata bolti ikapata robo moja ya kani mpya. Kila bolti ilikazwa kwa niutoni 41,300, ambazo ni robo tatu ya kani inayoweza kuhimili bila kuharibika. Hewa ikiingia, bolti itavutwa kwa 44,300, na mbano kwenye gasketi utabaki 32,200. Kifuniko hakisogei, wala hewa haivuji.

Sasa tuseme fundi alikaza kwa niutoni 5,000 tu. Kabla kanieneo haijafika hata asilimia 60 ya kiasi chake, mbano wote umekwisha. Hewa huanza kuvuja, na kuanzia hapo bolti hubeba kani yote peke yake mpaka niutoni 12,100. Tazama ajabu hii: bolti iliyolegea imevutwa kidogo kuliko iliyokazwa, lakini ndiyo itakayokatika. Kila mara silinda inapojazwa na kumwagwa, kani katika bolti iliyokazwa hupanda na kushuka kwa niutoni 3,000, na katika iliyolegea kwa 7,100. Chuma huhimili mvuto mkubwa usiobadilika. Kinachokichosha ni kupanda na kushuka.

Ikumbukwe kwamba gasketi nene na laini, kama ya mpira, hubadili hesabu hii. Kijiti kikiwa laini, mzigo wa kilo 4 utaonekana karibu wote kwenye mizani. Kwa sababu hiyo wahandisi hupenda kuweka pete ya mpira ndani ya mfereji, ili chuma kiguse chuma.

Uchovu wa chuma

Ufa wa uchovu huanza chini ya hesi, mara nyingi kwenye hesi ya kwanza ndani ya nati, kwani hiyo hubeba sehemu kubwa kuliko nyingine. Hukua kidogo kidogo kwa miezi au miaka, bila bolti kurefuka na bila dalili kwa mtazamaji wa nje. Bolti ikikatika, mzigo wake huwaangukia majirani, nao huchoka upesi zaidi.

Agosti 17, 2009, jambo hilo lilitokea katika kituo cha umeme cha Sayano-Shushenskaya, kwenye mto Yenisei huko Urusi. Kifuniko cha tabo namba 2 kilikuwa kimeshikwa kwa bolti ndefu 80, kila moja yenye kipenyo cha milimita 80, dhidi ya maji yaliyotoka kimo cha zaidi ya mita 200. Mtambo ulikuwa ukitikisika kupita kiasi. Kifuniko kiling'oka, maji yakafurika katika jumba la mitambo, na watu 75 wakafa. Bolti 49 zilipochunguzwa, 41 zilikuwa na nyufa za uchovu. Katika 8 kati ya hizo, ufa ulikuwa umekwisha kula zaidi ya asilimia 90 ya eneo la bolti. Sita zilionekana kuwa hazikuwa na nati kabisa. Yeyote aliyehesabu vichwa 80 kwa macho angesema kwamba kifuniko kimeshikwa imara.

Kukaza na kukagua

Ili bolti yetu ipate niutoni 41,300, spana ya nusu mita yavutwa kwa kani ya kama kilo 34 mwishoni mwake. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo, karibu tisa ya kumi, hupotea katika msuguano wa hesi na wa nati. Kwa hiyo hesi kavu yenye kutu hudanganya: spana huwa nzito, na bolti imevutwa kidogo. Hesi zisafishwe na kutiwa mafuta. Bolti zikazwe kwa kuvuka, ya kwanza kisha inayoielekea, kwa mizunguko mitatu: kwanza theluthi ya kiasi, kisha theluthi mbili, kisha kiasi chote. Mzunguko wa mwisho ufuate duara, kwa kuwa kila bolti inayokazwa huilegeza kidogo jirani yake.

Povu la sabuni likipakwa pembezoni huonyesha uvujaji. Bolti iliyokazwa ikigongwa kwa nyundo ndogo hulia kwa mlio mkali, na iliyolegea au yenye ufa hutoa sauti nzito. Bolti iliyokatika isitupwe kabla ya kutazamwa. Ikiwa sehemu ya mkato ni laini, yenye mistari kama ile iachwayo na maji ufukweni, na iliyobaki ni ya chengachenga, hiyo ilikufa kwa uchovu. Majirani zake waliosalia nao wabadilishwe, kwani wamepita safari ileile.