Uso Uliofichwa na Dirisha: Mwanga, Lenzi na Kimo cha Kamera katika Mazungumzo ya Video

Utangulizi

Tangu vyuo vikuu vya Kenya vifungwe mnamo Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, utetezi wa tasnifu kwa njia ya video umezoeleka. Makala haya yanaeleza kwa nini sura ya mzungumzaji hufifia na kujaa chenga, na yanashikilia kwamba tiba ya kwanza imo chumbani, wala si katika programu.

Mfano wetu ni mwanafunzi wa uzamili aliyepanga chumba huko Njoro, karibu na Chuo Kikuu cha Egerton. Tasnifu yake ilihusu ishara za uso katika utambaji wa ngano. Siku tatu kabla ya utetezi, alifanya jaribio na msimamizi wake saa tatu asubuhi. Alipokunja uso kama zimwi, msimamizi aliona kivuli tu. Hoja yake kuu ilikuwa imepotea.

Kutambua chanzo

Mwanafunzi huyo aliulaumu mtandao. Kuna njia rahisi ya kuhakikisha: fungua programu ya kamera ya tarakilishi pasipo kumpigia mtu yeyote. Taswira unayoiona hapo haijasafiri popote. Ikiwa imefifia tayari, mtandao hauna hatia. Ikiwa ni safi na huharibika wakati wa mazungumzo pekee, hapo mtandao ushukiwe. Yake ilikuwa imefifia.

Mwanga

Dirisha lake lilielekea mashariki, naye alikuwa amelipa mgongo. Kamera hupima mwangaza wa taswira nzima. Ilipokutana na jua la asubuhi nyuma yake, ilipunguza mwanga wote, na uso ukazama gizani.

Alifunga pazia na kuwasha balbu ya darini. Uso ulionekana, lakini ulijaa chenga, na mkono wake ulipopita uliacha ukungu. Sababu ni kwamba kamera inayokosa mwanga hufanya mambo mawili. Kwanza, hurefusha muda wa kupokea kila picha, hivyo badala ya picha 30 kwa sekunde huenda ikatoa 15, na kila mwendo ukapakazika. Pili, hukuza ishara dhaifu iliyoipata, na makosa yaliyomo hukuzwa pamoja nayo. Makosa hayo ndiyo chenga.

Madhara hayakomei hapo. Ili kuokoa nafasi, video hubanwa kwa kutuma hasa yale yaliyobadilika baina ya picha moja na inayofuata. Chenga hubadilika kila mara. Kwa hiyo hata ukuta uliotulia huonekana kana kwamba unabadilika. Mzigo huongezeka, na uso hukatika vipande vya miraba. Ndivyo giza la chumba linavyojigeuza kuwa tatizo la mtandao.

Aliigeuza meza, akalielekea dirisha kwa umbali wa takriban mita moja. Nakuru iko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo dirisha la mashariki hupigwa na jua asubuhi na lile la magharibi alasiri. Utetezi wake ulikuwa saa nane mchana, wakati ambapo dirisha lake lilipata mwanga mpole wa anga. Lau ungekuwa asubuhi, angehitaji pazia jepesi jeupe.

Kwa kuwa mawingu ya mvua huweza kutanda ghafla, aliweka taa ya mezani kando ya skrini, ikielekezwa kwenye ukuta mweupe ulio karibu ili mwanga usambae. Umbali una uzito hapa: taa ndogo ikisogezwa mbali maradufu, mwanga wake hupungua hadi robo.

Lenzi na kimo

Vumbi la Njoro na mafuta ya vidole huzungushia kila taa utando mweupe. Kitambaa laini kikavu kilitosha kuuondoa. Lenzi nyingi za tarakilishi ndogo hazijirekebishi. Hulenga vyema umbali wa mkono ulionyooshwa, na anayezikaribia mno hufifia. Kamera ya nje yenye pete huzungushwa huku umeshika ukurasa wa kitabu kando ya uso, hadi maandishi yasomeke.

Hatimaye alipanga vitabu chini ya tarakilishi hadi lenzi ikafikia kimo cha macho. Ilipokuwa mapajani, kamera ilitazama juu na kuiona balbu ya darini, na uso ukatiwa giza upya.

Hitimisho

Sasa tu ndipo programu ifikiriwe. Chaguo la "Adjust for low light" katika Zoom hung'arisha kile ambacho kamera imeshanasa, chenga zikiwemo; mwanafunzi wetu alilizima. Ni kweli kwamba mwanga hauwezi kupanua mtandao mwembamba, lakini huupunguzia mzigo. Siku ya utetezi, mtahini alimwomba aurudie uso wa zimwi. Aliukunja, nao ukaonekana.