Chila Ikigoma Kuwaka Baada ya Likizo

Tuseme jengo la ofisi la ghorofa nane katikati ya Dar es Salaam lilifungwa tarehe 23 Desemba, na wapangaji wanarudi Jumatatu ya tarehe 5 Januari. Kabla ya kuondoka, fundi wa zamu alipanda juu ya paa akashusha breka kuu ya chila, ile mashine kubwa inayopoza maji ya viyoyozi vya jengo zima. Nia yake ilikuwa njema: kwa nini mashine ile umeme wakati ofisi ni tupu? Jumatatu saa 12 asubuhi anapandisha breka, anabonyeza kitufe, na chila haiwaki. Kufika saa 2, simu kutoka ghorofa ya sita zimeshaanza kulia.

Mashine haijaharibika. Ndani yake kuna vifaa vitatu ambavyo kazi yao ni kuikatalia kuwaka mpaka hali iwe salama: hita ya oili, swichi ya mtiririko wa maji, na taima inayozuia kompresa kuwashwa mara kwa mara. Shida ni kwamba kila kimoja kina ujanja wake wa kukikwepa, na mafundi wengi wanaujua. Chila nyingi hufa asubuhi kama hiyo, mikononi mwa mtu mwenye haraka.

Tuanze na oili, kwa sababu ndiyo inayodai muda mrefu kuliko vingine.

Kompresa ina oili inayolainisha beringi zake na kuziba mianya. Gesi ya kupozea, ambayo kwenye chila nyingi za paani ni R-134a, huingia kwenye oili hiyo na kuyeyuka humo kila ipatapo nafasi. Mashine ikiwa imezimwa, gesi huhama yenyewe taratibu kuelekea sehemu yenye ubaridi kuliko nyingine. Usiku chuma chote hupoa. Jua likichomoza, mapezi membamba ya kondensa hupata moto mapema, ilhali kompresa, ambayo ni pande zito la chuma, hubaki na ubaridi wake kwa saa kadhaa. Basi gesi inavukizwa upande mmoja na kutua upande wa pili, asubuhi baada ya asubuhi. Baada ya siku 13, kilichomo kwenye tangi la oili ni mchanganyiko mwepesi wa oili na gesi iliyogeuka maji.

Hita ipo kuzuia hilo. Ni kifaa kidogo cha umeme kilichochomekwa chini ya kompresa au kufungwa nje yake kama mkanda, nacho huifanya oili kuwa na joto kuliko sehemu nyingine za mfumo ili gesi isikae humo. Kazi yake kubwa inafanyika wakati kompresa imelala. Ndiyo maana breka kuu ikishushwa, ulinzi huo nao unakufa, na hakuna taa itakayowaka kumwambia mtu chochote.

Nini kinatokea ikiwashwa hivyo hivyo? Katika joto la nyuzi 27, shinikizo la R-134a ndani ya mashine iliyolala ni takriban bar 6 kwenye geji. Kompresa ikianza kuvuta, upande wa kuvutia hushuka haraka kuelekea bar 2. Gesi iliyokuwa imetulia ndani ya oili inachemka yote kwa pamoja, kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Tangi linajaa povu, povu linasukumwa nje pamoja na oili, na beringi zinabaki bila kilainishi katika zile dakika za mwanzo ambazo zinakihitaji zaidi. Mwenye bahati ataona kengele ya shinikizo dogo la oili na mashine itajizima. Asiye na bahati atasikia mgongo wa chuma.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi wazoefu hunaswa nao. Kwenye kioo cha kuangalia oili, kompresa iliyolala bila hita huonyesha kiwango kilichopanda, na mtu anaweza kufurahi kwamba oili ni ya kutosha, au vibaya zaidi, akaipunguza. Kile kilichozidi ni gesi. Kioo hakiwezi kutofautisha, lakini kipimajoto kinaweza. Kwenye skrini ya chila nyingi za kisasa kuna joto la oili, na kuna joto ambalo gesi ingechemka kwa shinikizo lililopo wakati huo. Kama oili ina nyuzi 29 na gesi nyuzi 27, hakuna cha kujadili: bado. Oili ikifika 45 au zaidi huku gesi iko 27, gesi imeshafukuzwa. Tofauti kamili inayotakiwa imeandikwa kwenye kitabu cha mashine, na watengenezaji wengi wanaagiza hita iwe imewaka saa 24 kabla ya kuwasha, baadhi yao saa 12. Asiye na skrini ya namna hiyo aweke kiganja chini ya tangi la oili. Panapaswa kuwa na joto la wazi kabisa. Pakiwa na ubaridi sawa na bomba la jirani, ama hita haina umeme au imeungua, na hilo fundi umeme atalipima kwa dakika chache.

Kuhusu akiba ya umeme, hesabu ni fupi. Hita ya wati 300 ikiwaka bila kupumzika kwa siku 13 inakula kama uniti 94. Hata uniti moja ikihesabiwa Sh350, ni takriban Sh33,000. Mafuta ya gari la fundi kwenda na kurudi kutafuta vipuri vya kompresa yatazidi hapo.

Sasa maji. Ndani ya chila, gesi inachukua joto kutoka kwenye maji yanayopita, na maji hayo kwa kawaida huingia na nyuzi 12 na kutoka na nyuzi 7. Yakisimama wakati kompresa inaendelea kuvuta, yale yaliyonaswa ndani yataganda, hata kama nje kuna nyuzi 32 na jasho linatiririka. Barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, nayo mirija ya shaba au sahani hazina pa kukimbilia. Zikipasuka, maji yanaingia kwenye njia ya gesi na kufika hadi kwenye kompresa. Hapo si matengenezo tena, ni kununua.

Mtu anaweza kuuliza: si kuna kipimajoto kwenye bomba la kutokea? Kipo, ila kipimajoto hicho kinapima maji yanayokifikia. Yakiwa hayatembei, baridi iko ndani na kipimajoto kiko nje, kikisoma maji ya jana. Kwa hiyo kunahitajika kifaa kinachouliza swali moja tu: maji yanatembea? Hiyo ndiyo swichi ya mtiririko. Aina ya zamani ina kikafi kinachosukumwa na maji ndani ya bomba. Nyingine hupima tofauti ya shinikizo kati ya maji yanayoingia na yanayotoka. Mpya zaidi hutumia ncha yenye joto inayopozwa na maji yanayopita.

Taa ya pampu kuwaka haijibu swali hilo. Pampu inaweza kuzunguka huku valvu imefungwa, chujio limejaa kutu iliyobanduka wakati wa likizo, au hewa imejikusanya sehemu ya juu ya bomba. Kama fundi umeme aligusa nyaya wakati jengo limefungwa na fezi mbili zikabadilishana, pampu itazunguka kinyume, na pampu za kawaida zikizunguka kinyume bado husukuma maji kidogo upande ule ule. Kwa macho kila kitu kiko sawa.

Ndiyo sababu swichi hujaribiwa pande zote mbili, chila yenyewe ikiwa bado imezuiwa kuwaka. Pampu ikiwa imezimwa, skrini lazima iseme hakuna mtiririko. Ikisema upo, kikafi kimekwama, au mtu aliwahi kuipiga dairekti kwa kipande cha waya ili "ifanye kazi" kisha akasahau kukitoa. Waya huo hutafutwa ndani ya paneli kabla ya jambo jingine lolote. Halafu pampu inawashwa na kusubiriwa, ujumbe kama "Wait for flow" unatoweka, pampu inazimwa, na hali inarudi ilivyokuwa. Swichi isiyojua kusema hapana haina maana.

Hata hivyo swichi hujibu ndiyo au hapana tu. Haisemi maji ni mengi kiasi gani. Kwa hilo kuna geji mbili, moja kwenye bomba la kuingilia na nyingine la kutokea. Chukua chila ya kilowati 350 inayohitaji maji kama lita 16.7 kwa sekunde, na ambayo siku ya makabidhiano geji zilionyesha tofauti ya kilopaskali 40. Leo tofauti ni 10. Tofauti ya shinikizo hupanda na kushuka kwa mraba wa mtiririko, kwa hiyo robo ya shinikizo maana yake ni nusu ya maji. Kwa nusu ya maji na mzigo uleule, maji yaliyoingia na nyuzi 12 yangetoka na nyuzi 2, mahali pabaya sana kwa kifaa kisichotaka barafu. Kusafisha chujio ni kazi ya saa moja hivi.

Taima haihitaji maneno mengi. Mota kubwa ikianza kwa umeme wa moja kwa moja huvuta takriban mara sita ya umeme wake wa kawaida, na joto hilo linabaki kwenye koili zake. Kila inapoanza, kompresa pia hutupa oili kiasi kwenye mabomba, na huirudisha ikifanya kazi kwa muda. Mashine nyingi zimepangwa zisubiri kama dakika 5 tangu kuzima na kama dakika 20 tangu kuwaka kwa mwisho. Chila iliyowaka saa 1:00 na kujizima saa 1:04 kwa kukosa maji, hata tatizo likimalizwa saa 1:06, haitawaka kabla ya saa 1:20. Kushusha na kupandisha breka ili kuidanganya ni kujisumbua: kwenye mashine nyingine hesabu huanza upya, na zile zinazosahau kabisa ndizo zinazounguza mota. Jengo linalohama kati ya umeme wa gridi na jenereta litaiona subira hiyo kila umeme unapokatika, na ndivyo inavyotakiwa iwe.

Kwa jengo letu, basi, Jumatatu saa 12 ilikuwa imeshachelewa. Breka ilipaswa kupandishwa Jumamosi, chila ikiwa bado imezuiwa, ili hita ifanye kazi yake. Jumapili ilikuwa siku ya valvu, chujio, kutoa hewa na kujaribu swichi. Fundi aliyekwisha kukwama ana njia moja ya uungwana: awaambie wapangaji wafungue madirisha hadi kesho, na aiache oili ipate joto.

Na msimamizi anayefunga jengo kwa Pasaka au Iddi aizime chila kwa kitufe chake, aiache breka kuu juu, na abandike karatasi kwenye mlango wa paneli: "Usizime. Hita ya oili inafanya kazi."