Mashine Iliyoandikwa SAWA

Fundi akichomoa kijiti cha oili kwenye injini ya dizeli, akaona oili nyeusi, mwenye mashine huamini muda wa kuibadilisha umefika. Lakini oili ya dizeli huwa nyeusi saa chache tu baada ya kumwagwa mpya, kwa sababu ya masizi. Rangi haisemi kitu. Kinachosema ni saa ambazo injini imezunguka tangu oili iingie, na saa hizo hakuna anayezikumbuka kichwani.

Tuchukue mashine ya kusaga nafaka kijijini. Baada ya mavuno huunguruma saa kumi kwa siku. Miezi ya njaa inapofika, saa tatu ni nyingi. Ukisema utamwaga oili kila baada ya miezi miwili, msimu mmoja utaua injini na msimu mwingine utamwaga oili nzima. Ndiyo maana daftari la sevisi linahitaji vipimo viwili, saa na siku, na kinachofika kwanza ndicho kinachohesabiwa. Siku zinahitajika kwa kuwa oili huchakaa hata mashine ikilala. Namba zenyewe zinatoka kwenye kitabu cha injini: hapa tuseme saa 250 au siku 180, ingawa injini yako inaweza kutaka saa 100.

Kwenye lahajedwali, kila kazi hupewa mstari wake. Safu A ni mashine, B ni kazi. C na D ni muda kwa saa na kwa siku. E na F zinabeba mita na tarehe ya sevisi iliyopita, G ni mita ya sasa, H ni tarehe mita iliposomwa, na I ndiyo hali. Katika I2 andika hivi:

```
=IF(OR(E2="",F2="",G2="",H2=""),"JAZA",
IF(G2<E2,"KAGUA MITA",
IF(OR(G2>E2+C2,TODAY()>F2+D2),"IMEPITA",
IF(TODAY()-H2>7,"SOMA MITA",
IF(OR(G2>E2+C2-30,TODAY()>F2+D2-14),
"KARIBU","SAWA")))))
```

Oili ilibadilishwa tarehe 3 Machi 2025, mita ikiwa 1,840. Kwa hiyo zamu inayofuata ni mita 2,090 au tarehe 30 Agosti. Mwendeshaji akisoma 2,061 katikati ya Aprili, zimebaki saa 29 na jedwali linaandika KARIBU. Kwa nini onyo lianze saa 30 kabla? Kwa sababu hapa mashine inafanya kazi saa nane kwa siku, na siku tatu au nne zinatosha kuagiza oili na chujio mjini. Kama duka lako la vipuri liko mbali zaidi, ongeza.

Mstari ambao watu huuacha ni ule wa SOMA MITA, na kwa maoni yangu ndio wenye thamani kuliko yote. Jedwali lisilo nao hudanganya kwa upole. Mwendeshaji akiacha kusoma mita mwezi mzima, G inabaki na namba ya zamani, hesabu inatoka vizuri, na neno SAWA linakaa pale huku injini ikizunguka juu ya oili iliyochoka. Wiki moja bila usomaji inatosha jedwali kukataa kusema SAWA.

Tarehe nazo zina mtego wake. Ukiandika 5/6/2025 ukimaanisha tarehe tano Juni, kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma kama tarehe sita Mei, na haitakuonya. Jaribu kwa kuandika 25/6/2025: ikijipanga upande wa kushoto wa kisanduku, haikutambuliwa kama tarehe, basi rekebisha mpangilio kwanza.

KAGUA MITA hutokea mita ya zamani ikifa na mpya kuanza na sifuri. Hapo usiifute historia. Kama ya zamani ilikufa kwenye 2,300, kila usomaji wa mita mpya ongezea 2,300 kabla ya kuuandika.

Eakilina ipewe mstari wake, kwani vumbi la unga huiziba mapema kuliko kitabu kinavyodhani. Moshi mweusi na injini kukosa nguvu mzigo ukiingia ni dalili kwamba muda uliouweka ni mrefu mno. Ufupishe kwenye safu C.

Na sevisi ikichelewa, tuseme ikafanyika mita ikiwa 2,131, andika 2,131. Wengine huandika 2,090 ili daftari lipendeze machoni pa tajiri. Matokeo yake oili yenye saa sifuri inahesabiwa kuwa na saa 41, na hakuna ajuaye tena kwamba ile iliyotangulia ilifanya kazi saa 291.