Bei ya Kununua na Gharama ya Kumiliki

Katika uteuzi wa mzabuni, bei ya ununuzi huficha mengi. Chukulia kwamba idara inahitaji printa ya kuchapa kurasa 72,000 kwa miaka 3. Mzabuni wa kwanza anauza yake kwa shilingi 18,000, ila wino hugharimu shilingi 5 kwa kila ukurasa. Wa pili anadai shilingi 45,000, wino ukiwa shilingi 1.50. Hata kabla ya matengenezo, ile "rahisi" itaigharimu idara shilingi 378,000, na ya pili 153,000. Kifungu cha 86 cha sheria ya Kenya ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 huruhusu mshindi ateuliwe kwa gharama jumla ya umiliki. Hata hivyo, kigezo hicho sharti kitajwe katika hati za zabuni. Kamati ya tathmini haiwezi kukiingiza baada ya bahasha kufunguliwa.