Huwezi kuacha kazi kwa sasa? Jaribu kuisuka upya

Alarm inalia saa 11 alfajiri na moyo unakuwa mzito. Kazi huipendi, lakini kodi ya nyumba inakuja na ajira nyingine hujaiona. Wengi tunadhani hapo kuna njia mbili tu, kuvumilia au kuacha.

Kuna ya tatu. Ni kubadilisha kazi hiyohiyo kwa vipande vidogo, ukiwa ndani yake. Tuiite kuisuka upya kazi, na watafiti wameifuatilia kwa zaidi ya miaka 20.

Ilianza kwa wafanya usafi

Mwaka 2001, watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika makala iliyolipa jambo hili jina. Mfano wao mmojawapo ulikuwa wafanya usafi wa hospitali.

Watu hawa walikuwa na kazi ileile, ila waliieleza tofauti kabisa. Kundi moja lilisema ni kazi ya kudeki tu, haihitaji ujuzi, na lilikwepa kuongea na watu. Kundi la pili lilisema ni kazi yenye ujuzi na inayosaidia wagonjwa kupona. Hawa walipanga muda wa kudeki ili wasiwavuruge wauguzi, walizungumza na wagonjwa, na waliwaelekeza wageni waliopotea.

Wrzesniewski amewahi kusimulia kuhusu mmoja wao aliyekuwa wodi ya wagonjwa waliopoteza fahamu. Mama huyo alikuwa akihamisha picha za ukutani mara kwa mara, akiamini mabadiliko madogo ya chumba huenda yakawagusa wagonjwa. Alipoulizwa kama hiyo ni sehemu ya kazi yake, alikana. Alisema ni sehemu ya yeye alivyo.

Hakuna bosi aliyewaagiza kundi la pili wafanye hivyo. Walikuwa wamejisukia kazi nyingine ndani ya kazi ileile.

Unagusa vitu vitatu

Cha kwanza ni majukumu: unachofanya, kwa muda gani na kwa mpangilio upi. Cha pili ni watu: unaongea na nani zaidi, na nani unapunguza. Cha tatu ni maana: unavyoielewa kazi yako kichwani.

Cha tatu peke yake ni dhaifu. Kujiambia kazi ni nzuri wakati siku yako iko vilevile hakudumu. Ndiyo maana ni vizuri kuanza na majukumu na watu.

Chukua karatasi

Watafiti hao, pamoja na mwenzao Justin Berg, walitengeneza zoezi la kuchora. Unachora kazi yako ilivyo sasa kwa maboksi: boksi kubwa kwa linalokula muda mwingi, dogo kwa linalokula muda kidogo. Kisha unachora mchoro wa pili, wa kazi unayoitaka, lakini inayowezekana hapohapo ulipo.

Tufanye mfano. Chukulia wewe ni dada wa mapokezi kwenye zahanati binafsi, unafanya kazi saa 8. Mchoro wa kwanza uko hivi:

- Kuandikisha wagonjwa: saa 4
- Kupanga mafaili: saa 1 na nusu
- Kupokea simu: saa 1
- Kusikiliza malalamiko ya foleni: saa 1
- Kufunga hesabu za fedha: nusu saa

Sasa jiulize, ni dakika zipi za siku unajisikia uko hai? Tuseme ni pale unapomwelekeza bibi aliyekuja peke yake na hajui aanzie wapi. Jambo hilo halina hata boksi, unaliiba katikati ya kuandikisha.

Halafu angalia boksi linalokuchosha zaidi, malalamiko. Wengi wanalalamika kwa sababu hawajui watasubiri mpaka saa ngapi, na wewe pia hujui kwa sababu huongei na watu wa maabara. Kwa hiyo unagusa watu kwanza: kila asubuhi, kabla foleni haijajaa, unapita maabara kuuliza kipimo kipi leo kitachelewa. Ukirudi unawatangazia waliokaa.

Tuseme malalamiko yanashuka kutoka saa 1 hadi nusu saa. Ile nusu saa iliyobaki unaigeuza boksi jipya, la kuwaelekeza wazee na wanaokuja mara ya kwanza: waanzie chumba gani, walipe wapi, warudi lini. Maelekezo ya dawa huyagusi, hayo ni ya mfamasia na muuguzi.

Hapo ndipo maana inapobadilika yenyewe. Kazi yako haibaki kuandika majina tu. Wewe ndiye mtu wa kwanza anayempunguzia mgonjwa wasiwasi, na siku yako inaonyesha hivyo.

"Bosi wangu hawezi kukubali"

Inawezekana, na utafiti umeliangalia hilo pia. Mwaka 2010 watatu haohao walichapisha utafiti uliolinganisha wafanyakazi wa vyeo vya juu na vya chini. Ungedhani wa juu ndio walijiona huru zaidi. Haikuwa hivyo. Wengi wao walijifunga wenyewe kwa mawazo yao kuhusu namna wanavyopaswa kutumia muda. Wa chini walibanwa na matarajio ya wengine, kwa hiyo walilazimika kwanza kujenga imani kwa watu ili wapate nafasi.

Somo kwa aliye chini ni kutokwenda kwa bosi na mchoro mzima. Nenda na boksi moja na muda maalumu. Kwa mfano: "Bosi, naomba wiki 2 nijaribu kupita maabara asubuhi dakika 10. Mafaili na hesabu havitachelewa." Kisha hesabu kitu kimoja kinachoonekana, kama idadi ya watu wanaorudi dirishani kuuliza swali lilelile. Bosi anayeona namba inashuka ana sababu ya kukubali boksi la pili.

Inapoharibika

Kosa la kwanza ni kuongeza bila kupunguza. Kama mchoro wako wa pili una saa 9 na nusu kwenye kazi ya saa 8, umejiongezea kazi ya bure. Dalili ni kwamba unachelewa kutoka kila siku, na watu wameanza kukudai lile ulilojitolea.

La pili ni kusuka kwa kukwepa tu. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2017, uliona kwamba wanaoongeza changamoto na msaada kazini ndio wanaojituma na kuifurahia zaidi kazi. Kupunguza yanayokera peke yake hakukuonyesha faida hiyo. Pia ulichokikwepa lazima mtu akifanye. Mwenzako akianza kukununia, huenda boksi lako limehamia kwake.

La tatu ni kuitumia mahali isipofaa. Mshahara usiolipwa, matusi, au bosi anayekutaka kimapenzi havisukwi kwa maboksi. Hayo ni ya chama cha wafanyakazi, ofisi ya kazi au polisi, na hakuna mchoro unaopaswa kukufundisha kuyavumilia.

Nje ya hayo, anza na mchoro wa kwanza leo jioni. Andika saa za kweli, si zile za kwenye mkataba. Huenda ukagundua kwamba kinachokuchosha ni boksi moja tu, na lina mlango wa kulipunguza.